Wasifu mfupi wa mhadhiri wa muda mwenye kazi nyingine: mfano wa mhasibu wa ghala la korosho Mtwara

Kila muhula unapokaribia, vyuo vya Mtwara na Lindi huwaomba wahadhiri wa muda walete aya moja ya kujieleza. Aya hiyo inabandikwa kwenye ubao wa idara, inaingia kwenye faili la kozi, na siku ya kongamano inasomwa na mshereheshaji. Wengi wa wahadhiri hao wana ajira nyingine: bandarini, kwenye kiwanda cha saruji, kwenye gesi ya Madimba au Songo Songo, benki, au kwenye korosho. Nikizipokea aya zao naona jambo lilelile: mtu mwenye kazi mbili anaandika kama anayeomba radhi kwa kuwa nazo.

Mwongozo huu ni wa kuandika aya hiyo upya. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, wa mhasibu wa ghala la korosho mjini Mtwara anayefundisha Uhasibu wa Gharama kwa wanafunzi wa stashahada mwaka wa pili. Nitamwita Bw. Fulani. Kama wewe ni fundi mitambo wa Kilwa au mtu wa forodha, hatua ni zilezile, utabadilisha mzigo tu.

Hii hapa aya aliyoileta mara ya kwanza:

"Bw. Fulani ni mhasibu katika kampuni ya kuhifadhi mazao. Ana shahada ya kwanza ya uhasibu na uzoefu wa miaka mingi. Licha ya majukumu yake mengi kazini, hupata muda wa kufundisha kama mhadhiri wa muda. Ni mchapakazi, mbunifu na anapenda kushirikiana na wengine."

Hakuna uongo humo. Lakini isome kama mkuu wa idara anayepanga ratiba. Ameambiwa kwamba mtu huyu ana majukumu mengi, na kwamba kufundisha ni kitu anachokipatia muda ukibaki. Mwandishi mwenyewe ameshawapanga: kazi kwanza, chuo baadaye. Sasa mkuu wa idara atafanya nini isipokuwa kumpa kipindi kisicho na uzito?

Hatua ya kwanza: jua msomaji ana wasiwasi gani

Kabla hujaandika neno, kaa chini ufikirie watu watatu watakaoisoma aya hiyo. Kila mmoja ana shaka yake, na shaka hizo hazifanani.

Mkuu wa idara anaiogopa kalenda. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na katika miezi inayofuata maghala ya Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba hujaa magari usiku na mchana. Muhula wa kwanza wa vyuo vingi nao huanguka humohumo. Nimewahi kumsikia mkuu wa idara akimuuliza mhadhiri wa aina hii, kwa upole kabisa: "Ndugu yangu Mhasibu, mnada ukiangukia siku ya kipindi chako, sisi tutakupata wapi?" Aya isiyojibu swali hilo humwacha abaki nalo kichwani.

Wa pili ni mwajiri. Atauona wasifu, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu ana mpwa chuoni. Anachotaka kujua ni kama saa za ofisi zinaliwa na kama vitabu vyake vya hesabu vinafunuliwa mbele ya darasa.

Wa tatu ni mwanafunzi, na huyu wasiwasi wake ni wa mtihani. Amewahi kukutana na mwalimu aliyetoka kazini akapiga hadithi za bosi wake saa mbili nzima, halafu mtihani ukaja na maswali ambayo hadithi hazikuyagusa.

Usiwajibu watu hawa kwa kujitetea. Ukiandika "kazi yake haiathiri ufundishaji," umewakumbusha walichokuwa wamesahau. Wajibu kwa ukweli uliowekwa mahali pake, kama tutakavyoona.

Hatua ya pili: tafuta shughuli moja iliyopo pande zote mbili

Hapa ndipo aya inapopatikana au kukosekana, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua karatasi mbili. Ya kwanza andika mada za somo lako kama zilivyo kwenye mtaala, moja kwa kila mstari. Ya pili andika ulichofanya kazini mwezi uliopita. Andika vitendo, usiandike cheo. Mtu anayeandika "kusimamia hesabu" hajaandika kitu. Aandike: kulinganisha uzito wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na uzito wa ghala, kupokea taarifa ya unyevu, kuhesabu magunia yaliyochanika, kufunga hesabu ya mzigo uliouzwa. Kisha chora mistari kutoka karatasi moja kwenda nyingine, pale ambapo kitendo na mada ni kitu kimoja hasa.

Bw. Fulani alichora mistari mitano. Minne ilikuwa dhaifu, ya aina ya "kote kuna fedha". Mmoja ulikuwa imara: upungufu wa uzito.

Ngoja niueleze, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuona kwa nini aliuchagua. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliosimama juu ya sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho AMCOS, zinapimwa, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinapimwa tena, na hati inatolewa kwa uzito uliopokelewa. Mzigo hukaa ghalani mpaka unaponunuliwa na kutoka. Tatizo ni kwamba korosho ghafi ina maji, na ikikaa maji hupungua. Mzigo unaotoka huwa mwepesi kuliko ulioingia hata kama hakuna mkono wa mtu ulioingia gunia.

Sasa fanya hesabu. Tuseme zimeingia kilo 10,000 zenye unyevu wa asilimia 10. Maana yake ndani yake kuna kilo 1,000 za maji na kilo 9,000 za korosho kavu. Siku ya kutoa, kipima unyevu kinasoma asilimia 8. Zile kilo 9,000 kavu hazijaenda popote, ila sasa ni asilimia 92 ya mzigo. Gawa 9,000 kwa 0.92, unapata kilo 9,783. Upungufu wa kilo 217 unaelezeka kwa maji peke yake. Lakini mizani ya mlangoni imesoma kilo 9,700. Kuna kilo 83 ambazo maji hayazielezi. Hizo zimekwenda wapi? Labda mizani ina kasoro, labda magunia yalivuja, labda sampuli iliyopimwa unyevu haikuwakilisha mzigo, labda wizi.

Mwanafunzi wa Uhasibu wa Gharama ataitambua mada hii mara moja. Zile 217 ni upungufu wa kawaida, ambao gharama yake hubebwa na mzigo mzuri uliobaki. Zile 83 ni upungufu usio wa kawaida, ambao hutengwa na kupelekwa kwenye hesabu ya faida na hasara ili usijifiche ndani ya gharama ya bidhaa. Kitabuni mada hii hufundishwa kwa kiwanda cha kubuni na asilimia iliyotolewa bila maelezo: "chukulia upungufu wa kawaida ni asilimia 5". Wanafunzi hukariri kanuni, na ukiwauliza asilimia hiyo imetoka wapi, wanakutazama tu.

Bw. Fulani anajua imetoka wapi, maana ni kazi yake ya kila siku kuitafuta. Na mhadhiri wa kudumu mwenye shahada kubwa kuliko yake hawezi kusimama darasani akaieleza vile, kwa kuwa hajawahi kusimama kwenye mizani saa nne usiku na dereva anayegoma kusaini. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu mwenye kazi mbili: upungufu wa uzito ni mmoja, na yeye anaushika kwa pande zote mbili.

Ukikosa mstari imara hata mmoja, usilazimishe. Inawezekana umepewa somo lisiloendana na kazi yako, na hapo dawa ni kumwomba mkuu wa idara akubadilishie somo. Mhasibu wa ghala aliyepewa Stadi za Mawasiliano hawezi kuokolewa na aya nzuri.

Hatua ya tatu: anza na shughuli, ajira zifuate

Sentensi ya kwanza iwe ya ile shughuli uliyoipata. Usianze na jina la kampuni wala jina la chuo, kwa sababu lolote litakalotangulia litaonekana ndilo kubwa na jingine litakuwa mkia wake. Shughuli ikitangulia, ajira zote mbili zinakuja nyuma yake zikiwa sawa.

"Bw. Fulani hushughulika na hesabu za mazao yanayohifadhiwa: yameingia kiasi gani, yamepungua kiasi gani, na nani anabeba upungufu huo."

Kisha sentensi ya pili itaje sehemu zote mbili kwa uzito mmoja, kila moja na mwaka wake:

"Tangu 2016 ni mhasibu wa ghala la korosho linalofanya kazi chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mjini Mtwara; tangu 2021 anafundisha Uhasibu wa Gharama kwa stashahada mwaka wa pili, akiwa mhadhiri wa muda."

Angalia mambo mawili hapo. Miaka imeandikwa kwa tarehe ya kuanza. "Uzoefu wa miaka 9" utakuwa uongo mwakani na hakuna atakayekumbuka kuurekebisha; "tangu 2016" haichachi. Pia "mhadhiri wa muda" limeandikwa wazi, halikufichwa. Wapo wanaoliacha makusudi ili waonekane wa kudumu. Mwanafunzi akija ofisini Jumanne akakuta hakuna meza yenye jina lako, atajua, na baada ya hapo hataamini yaliyobaki kwenye aya.

Maneno ya kuondoa katika sentensi hizi mbili ni "licha ya", "pamoja na kubanwa", "hata hivyo" na "hupata muda". Yote yanaweka kazi mbili kwenye ugomvi. Nukta mkato, au kiunganishi "na", vinatosha.

Hatua ya nne: onyesha njia ikipitika pande zote

Watu wengi hufika hapa wakaandika kwamba wanaleta uzoefu wa kazini darasani, wakamaliza. Huo ni mguu mmoja. Ukiishia hapo, chuo kinaonekana kama mahali pa kupokea tu, na mwajiri akisoma anaona mali yake inatoka nje bila kitu kurudi. Andika sentensi mbili: moja ya kinachotoka kazini kwenda darasani, moja ya kinachotoka darasani kwenda kazini.

Ya kwanza ni rahisi:

"Katika mada ya upungufu wa kawaida na usio wa kawaida, wanafunzi wake huanza na unyevu wa korosho kabla ya kufika kwenye kanuni."

Sentensi hii inamjibu yule mwanafunzi mwenye wasiwasi wa mtihani. Ina jina la mada kama lilivyo kwenye mtaala, na inaonyesha kwamba mwalimu hufika kwenye kanuni, haishii kwenye hadithi.

Ya pili huwatoa watu jasho. Jiulize: kuna siku swali la mwanafunzi lilikufanya ubadilishe kitu kazini, hata kidogo? Bw. Fulani alidhani hana. Tulipozungumza zaidi akakumbuka kwamba mwanafunzi mmoja alimuuliza kwa nini unyevu wa siku ya kuingia hauonekani kwenye karatasi moja na uzito wa siku ya kutoka. Alijibu kwa maneno mengi, akarudi kazini, akaona kwamba kweli hauonekani. Akaongeza safu ya unyevu kwenye daftari la kupokelea mzigo. Safu moja. Lakini ndiyo inayomwezesha leo kutenganisha zile 217 na zile 83 bila kufukua mafaili.

"Safu ya unyevu katika daftari la kupokelea mzigo ghalani ilitokana na swali la darasani."

Mwajiri akiisoma hii anaona faida aliyoipata yeye. Iwe kweli, tafadhali, na iwe jambo ambalo msimamizi wako akiulizwa atalithibitisha. Kama bado huna, acha nafasi wazi hadi upate, usitunge. Aya yenye sentensi moja ya kweli ni bora kuliko yenye mbili ambazo moja inayumba.

Hatua ya tano: vyeo na usajili

Hapa sitakaa sana, ila makosa ya hapa ndiyo yanayofika mbali.

Cheo cha chuoni andika kama kilivyo kwenye barua yako ya uteuzi. Kama barua inasema mkufunzi, usijipandishe kuwa mhadhiri kwa sababu tu wanafunzi wanakuita hivyo. Barua na wasifu hukaa kwenye faili moja, na wakaguzi wa ithibati wakija wanavisoma pamoja.

Kwa wahasibu, CPA(T) ni ya aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, katika daraja hilo. Aliyefaulu mitihani ya mwisho lakini hajakamilisha uzoefu wa kazi unaotakiwa bado hajaifikia, na aandike alipofikia. Kwa wahandisi ni vilevile: kujiita mhandisi kunasimamiwa na sheria ya mwaka 1997, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina madaraja. Mhandisi mhitimu na mhandisi mtaalamu si daraja moja, kwa hiyo taja lako.

Na jambo la huku kwetu hasa: usijivike utaalamu wa mradi ambao haujajengwa. Tangu Likong'o ya Lindi ilipotajwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, nimeona wasifu kadhaa wenye "mtaalamu wa gesi ya kimiminika". Mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili aandike semina. Kama umefanya kazi kwenye bomba la gesi linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, andika hilo. Linatosha na linaonekana.

Hatua ya sita: muda na mipaka, sentensi mbili tu

Sasa tunamjibu mkuu wa idara na mwajiri, bila kuwataja.

Kwa muda, andika kipindi kilivyopangwa, kama taarifa ya kawaida:

"Vipindi vyake ni Jumamosi asubuhi, na huendelea msimu mzima wa minada."

Sentensi hii huwezi kuiandika kabla hujaipanga. Nenda kwanza kwa msimamizi wako kazini, mkubaliane kwamba Jumamosi asubuhi una mtu wa kukushikia mizani hata Novemba. Kisha nenda kwa mkuu wa idara, umweleze makubaliano hayo. Ukishindwa kuyapata, sema ukweli mwingine unaowezekana: kwamba unafundisha muhula wa pili pekee. Najua wahadhiri wanaokwepa muhula wa kwanza kabisa kwa ajili ya korosho, na vyuo vinawapenda kwa sababu havibahatishi. Aya yao inasema "hufundisha muhula wa pili kila mwaka" na hakuna anayeuliza zaidi.

Kwa mipaka:

"Takwimu anazotumia darasani zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, si za wateja wa ghala."

Korosho zilizomo ghalani si za ghala. Ni za wakulima kupitia AMCOS zao, na baada ya mnada ni za mnunuzi. Kilo 83 zilizokosekana kwenye mzigo wa chama fulani zikitajwa darasani, jioni hiyohiyo zitakuwa kijijini, na kesho yake kuna mkutano. Kwa hiyo tumia namba za mviringo kama zile nilizotumia juu, usitaje chama wala msimu. Ukiwa na sentensi hii kwenye wasifu, mwanafunzi akikubana utaje ghala unamwonyesha kwamba hilo lilishaamuliwa tangu mwanzo.

Kuna mpaka wa tatu ambao hauandikwi kwenye aya ila unahusu usichoandika. Usiahidi nafasi za mafunzo kwa vitendo. "Huwasaidia wanafunzi kupata nafasi ghalani" inavutia sana, lakini siku utakapokuwa unamsahihishia mtihani mwanafunzi ambaye pia uko juu yake kazini, utakuwa umejiingiza mahali ambapo hata haki yako itaonekana upendeleo. Chuo kina mratibu wa mafunzo kwa vitendo, mwachie.

Hatua ya saba: jina la mwajiri

Utaona kwamba aya ya Bw. Fulani haitaji kampuni. Huo ni uamuzi wake, na una sababu. Kutaja jina la mwajiri kwenye karatasi ya chuo kunaweza kusomeka kana kwamba kampuni imemtuma au inakubaliana na anachofundisha. Ukitaka kulitaja, omba kibali kwa maandishi, barua fupi yenye aya nzima ikiwa imeambatishwa, ili anayekubali ajue anakubali maneno gani. Mtumishi wa umma, kwa mfano wa halmashauri au shirika la serikali, anahitaji kibali cha mwajiri kwa kazi yenyewe ya kufundisha, achilia mbali aya. Kibali kiwepo kabla ya wasifu kubandikwa.

Ukinyimwa ruhusa ya jina, hujapoteza kitu. "Ghala la korosho mjini Mtwara" linamwambia msomaji yote anayohitaji. Nembo ya kampuni haimfundishi mtu kuhesabu unyevu.

Hatua ya nane: iunganishe, kisha ipunguze

Hii ndiyo aya ya Bw. Fulani ilipokamilika:

"Bw. Fulani hushughulika na hesabu za mazao yanayohifadhiwa: yameingia kiasi gani, yamepungua kiasi gani, na nani anabeba upungufu huo. Tangu 2016 ni mhasibu wa ghala la korosho linalofanya kazi chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mjini Mtwara; tangu 2021 anafundisha Uhasibu wa Gharama kwa stashahada mwaka wa pili, akiwa mhadhiri wa muda. Katika mada ya upungufu wa kawaida na usio wa kawaida, wanafunzi wake huanza na unyevu wa korosho kabla ya kufika kwenye kanuni. Safu ya unyevu katika daftari la kupokelea mzigo ghalani ilitokana na swali la darasani. Ana shahada ya kwanza ya uhasibu na ni CPA(T), amesajiliwa na NBAA. Vipindi vyake ni Jumamosi asubuhi, na huendelea msimu mzima wa minada. Takwimu anazotumia darasani zimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Si za wateja wa ghala."

Uchapakazi na ubunifu vimetoka, na hakuna aliyeuliza viko wapi.

Hii ni ya faili la kozi na ubao wa idara. Kwenye kongamano sentensi ya ratiba haina kazi, iondoe. Na kwa mshereheshaji andaa toleo la kusomwa kwa sauti, lisilo na nukta mkato wala mabano, kwa sababu atalisoma bila kulipitia: "Ni mhasibu wa ghala la korosho hapa Mtwara, na ni mwalimu wa Uhasibu wa Gharama. Leo atatueleza kilo zinazopotea ghalani zinakwenda wapi." Lisome wewe mwenyewe kwa sauti kwanza. Ukiishiwa pumzi katikati, yeye ataishiwa mbele ya mkuu wa mkoa.

Kujua kama imekaa sawa

Mpe aya mtu mmoja wa kazini na mmoja wa chuoni, kila mmoja peke yake, na usiwaeleze chochote. Waulize swali moja: huyu mtu kazi yake ni nini? Wa kazini akijibu "mwalimu" na wa chuoni akijibu "mtu wa ghala", aya bado imegawanyika. Kila mmoja anakuona wa upande wa pili. Rudi kwenye sentensi ya kwanza, huenda shughuli uliyoichagua ilikuwa mstari dhaifu. Wote wawili wakijibu kitu kinachokaribia "anahesabu mzigo unaopungua", ipeleke.

Dalili nyingine utaziona baada ya kuibandika. Mwanafunzi akikufuata na CV mkononi kuomba kazi, kuna sehemu umeahidi bila kujua, itafute. Mkuu wa idara akikuuliza tena habari ya Oktoba, sentensi ya ratiba haijaeleweka au haijaaminika, na hapo inabidi umpelekee makubaliano yako na msimamizi kwa maandishi. Mwajiri akikuita, mpelekee aya na barua ya kibali kwa pamoja, umwachie asome mwenyewe ile sentensi ya safu ya unyevu.

Ipitie kila Septemba, kabla ratiba haijafungwa. Mara nyingi kinachobadilika ni somo ulilopewa, siku ya kipindi, na daraja la usajili. Vitu vitatu vya dakika 10. Ukibadilisha ajira, anza tena kutoka zile karatasi mbili, maana mstari uliokuwa imara ghalani huenda haupo bandarini.